Maji ya Jirani wa Juu Yameingia Kwako: Bima ya Nani Italipa, na Ushahidi Unakusanywaje

Nimefanya kazi ya kukagua madai ya bima za nyumba hapa Nairobi kwa miaka kadhaa, na kesi za maji kutoka ghorofa ya juu ndizo zinazogombanisha watu kuliko za moto au za wizi. Mwizi hujuani naye. Jirani mnakutana kwenye ngazi kila asubuhi.

Karibu kila mtu huanza na wazo moja: maji yametoka kwake, basi bima yake inilipe. Kwa kawaida mambo hayaendi hivyo. Bima ya kwanza kuulizwa ni yako mwenyewe, kama unayo. Ya jirani huingia tu pale inapoonyeshwa kwamba yeye alifanya uzembe, na hata hapo hailipi kwa sababu umeipigia simu wewe. Ndiyo maana ushahidi unaoukusanya ni wa aina mbili: wa kilichoharibika, na wa kilichosababisha. Wengi huleta picha arobaini za sofa iliyolowa na wasiwe na hata moja ya mahali maji yalipotokea.

Nitafuata mfano mmoja hadi mwisho. Nimeubuni, ila umefanana na mengi niliyoyaona. Mpangaji anaishi ghorofa ya tatu katika jumba moja la South B. Ni siku ya mgao. Mpangaji wa ghorofa ya nne amefungua mfereji wa sinki la jikoni, hakuna tone, akauacha wazi akaenda kulala kwa dada yake. Saa nane usiku maji yakarudi. Sinki lilikuwa na sufuria iliyoziba tundu. Kufikia saa kumi na moja alfajiri, maji yalikuwa yanatiririka kwenye taa ya sebule ya chini.

Kwanza: umeme, kisha maji, kisha picha

Maji yakipita kwenye taa au karibu na soketi, zima swichi kuu kabla ya kugusa chochote. Ikiwa sanduku lenyewe la swichi limelowa, usiliguse. Toka nje, mwite msimamizi wa jumba azime kwenye chumba cha mita, na wasipoweza, pigieni kampuni ya umeme.

Dari ya jipsam ikianza kuvimba kama tumbo, imebeba maji, na itaanguka yote kwa pamoja. Ukishahakikisha umeme umezimwa, weka ndoo chini, piga picha ya uvimbe huo, kisha toboa tundu dogo kwa bisibisi ili maji yashuke polepole. Hakuna kampuni ya bima itakayokulaumu kwa tundu hilo. Mkataba wenyewe unakudai upunguze hasara, na ukikaa kutazama dari ianguke juu ya runinga, watauliza kwa nini hukuihamisha.

Wakati huohuo mtu mwingine apande juu kubisha. Kama hakuna anayefungua, msimamizi afunge valvu ya nyumba hiyo. Katika majumba mengi iko kando ya mita, kwenye ngazi au chini. Msivunje mlango kabla ya kujaribu valvu. Nimeona dai la maji likigeuka dai la mlango.

Picha huanza maji yakiwa bado yanashuka. Video ya dakika mbili inatosha: anzia kwenye mlango wako ukionyesha namba ya nyumba, ingia, onyesha dari, onyesha maji yanavyoshuka, onyesha kila chumba, kisha panda ngazi hadi mlango wa juu huku ukiendelea kurekodi. Ukiweza kuingia, kwa idhini ya mwenyewe, onyesha pale maji yalipo. Sema kwa sauti tarehe na saa. Video hiyo moja, isiyokatwakatwa, ina uzito kuliko picha mia zilizopigwa kesho yake mchana sakafu ikiwa imekauka.

Faili za asili zibaki kwenye simu. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na hupoteza taarifa za saa zilizopigwa, kwa hiyo zitume kama faili au kwa barua pepe. Ukija kufika mahakamani, sheria ya ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka picha na ujumbe ulionakiliwa kutoka kwenye simu uambatane na cheti kinachoeleza umetoka kwenye kifaa gani na kwa njia gani. Cheti hicho ni ukurasa mmoja tu, lakini huwezi kukiandika kwa ukweli kama simu uliishaiuza.

Pili: maji yametoka wapi hasa?

Hapa ndipo dai hushinda au hufa. Bima za nyumba zinazouzwa hapa hulipa kwa bomba, tanki au kifaa cha maji kilichopasuka au kufurika. Ni tukio la ghafla. Hazilipi kwa maji yaliyopenya kidogo kidogo kwa miezi. Doa la manjano lililoanza ukubwa wa sarafu mwezi wa Januari na kufika ukubwa wa meza mwezi wa Mei halitalipwa, hata ulie vipi. Hilo ni la kumdai mwenye nyumba au mwenye ghorofa ya juu moja kwa moja.

Namna maji yanavyoshuka inakuambia mengi kabla fundi hajafika. Yakidondoka usiku na mchana kwa mwendo uleule, hata wa juu wakiwa wamesafiri, ni bomba lenye presha. Yakija baada ya mtu kuoga na kukoma baada ya saa moja, ni bomba la maji machafu au sakafu ya bafu isiyozuia maji chini ya vigae. Yakija mengi kwa mara moja kisha yakakoma yenyewe, ni kufurika. Yakifuata mvua, angalia paa na roshani kabla ya kumgombeza mtu.

Halafu pima. Waombe wa juu wafunge mifereji yote, mkatazame mita yao pamoja: kile kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja baada ya mita. Kama kimetulia, mtuhumiwa ni maji machafu au sakafu. Kwa hayo, mimina maji yenye rangi ya chakula kwenye tundu la bafu la juu, ngoja, utazame rangi inatokea wapi chini. Ikiwa haikutokea, mzibe tundu, mjaze sakafu ya bafu maji ya kina cha sentimita mbili au tatu, mwache siku nzima. Likilowa dari lako, zuio la maji chini ya vigae ndilo lililochoka, na hapo tatizo si la mpangaji wa juu kamwe. Ni la mwenye nyumba yake.

Kila kipimo kipige picha, mkiwa na shahidi. Katika mfano wetu havikuhitajika: msimamizi alipofungua kwa ufunguo wa akiba, baada ya mpangaji wa juu kumpa ruhusa kwa simu, alikuta mfereji wazi, sinki limejaa na sufuria ikiwa palepale. Jambo zuri alilolifanya ni kupiga picha kabla ya kufunga mfereji. Sekunde tano hizo ndizo zilizolibeba dai zima.

Ikiwa ni kifaa kilichopasuka, kwa mfano ile paipu laini yenye wavu wa chuma inayounganisha sinki na ukuta, ambayo mafundi huiita fleksi, kipande kilichovunjika kisitupwe. Fundi akishabadilisha hukitia mfukoni au kwenye ndoo ya taka bila kuwaza. Kiombe, kitie kwenye mfuko, andika tarehe, namba ya nyumba na jina la fundi. Kutu ya zamani kwenye kishikio chake inasimulia kuwa ilikuwa inavuja muda mrefu. Mpasuko mpya unasimulia kingine.

Na fundi aandike. Si risiti ya “kazi ya bomba, 2,500” tu. Mistari mitano inatosha: alifika siku gani, nyumba namba gani, alikuta nini kimeharibika, kiko upande gani, kwa maoni yake kiliharibikaje, na alibadilisha nini. Aweke sahihi na namba ya simu.

Tatu: zungumza na jirani, lakini usimwandikishe kosa

Watu wengi humkimbilia jirani na karatasi: “Andika hapa kwamba ni wewe uliyesababisha na utalipa.” Nakuelewa, ila karatasi hiyo inaweza kukuumiza. Hati nyingi za bima ya dhima, ile inayolipa hasara ambayo mwenye bima amemsababishia mtu mwingine, zina sharti kwamba mwenye bima asikiri kosa wala asiahidi malipo bila ruhusa ya kampuni. Jirani akisaini, kampuni yake inapata sababu ya kukataa, na wewe unabaki unamdai mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi badala ya kampuni yenye fedha.

Unachotaka kwake ni ukweli wa tukio tu. Mwandikie ujumbe wa namna hii:

“Habari ya asubuhi jirani. Pole kwa usumbufu. Leo tarehe 14, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, maji yameshuka kutoka kwako hadi sebuleni na chumbani kwangu. Msimamizi amekuta mfereji wa jikoni ukiwa wazi na sinki limefurika, picha nimeambatanisha. Vitu vyangu kadhaa vimeharibika. Naomba unijulishe kama una bima ya nyumba, jina la kampuni na namba ya hati, na uwaarifu leo. Mimi pia naarifu yangu.”

Hakuna tusi, hakuna hukumu, na kila sentensi ni jambo lililoonekana. Akijibu “Woi, pole sana, niliusahau huo mfereji,” hayo ni maneno yake mwenyewe, hukumlazimisha, na yamehifadhiwa na saa yake.

Akitaka kukutumia elfu tano kwa M-Pesa papo hapo “tuyamalize kijirani”, usipokee kabla hujaongea na kampuni yako. Ukishakubali kuwa mmemalizana, umeifungia kampuni yako njia ya kumdai, na inaweza kukukatalia dai kwa sababu hiyo. Mshukuru, mwambie mtaongea baada ya kupita asesa, mkaguzi anayetumwa na kampuni ya bima kukadiria hasara.

Nne: nani anabeba kipi

Tenga mali iliyoharibika katika mafungu mawili kabla ya kuandika lolote.

Fungu la kwanza ni jengo: dari, rangi, nyaya, kabati zilizojengewa ukutani, sakafu ya mbao. Kama wewe ni mpangaji, hayo si yako. Ni ya mwenye nyumba, na bima inayohusika ni yake ya jengo. Kazi yako ni kumwarifu kwa maandishi siku hiyohiyo, ili baadaye asikukate kwenye amana kwamba dari uliliharibu wewe. Kama umeinunua nyumba kwenye jumba lenye hati za sehemu, yaani kila nyumba ina hati yake ya umiliki, chini ya sheria ya mwaka 2020, kuna shirika la wamiliki linalosimamia mali ya pamoja. Mabomba yanayohudumia nyumba zaidi ya moja, kama lile kubwa linaloshuka kutoka kwenye matanki ya paa, ni jukumu lake. Bomba likiwa hilo, jirani wa juu ni mwathiriwa mwenzako, na barua inakwenda kwa shirika. Uliza pia kama shirika limekata bima ya jumba lote, kwa maana huenda unailipia kila mwezi ndani ya ada ya huduma bila kujua.

Fungu la pili ni vitu: runinga, godoro, zulia, nguo, sofa. Hivi ni vyako, na bima yake ni sehemu ya vitu vya nyumbani katika hati yako. Hapa haijalishi maji yametoka kwa nani. Kampuni yako inalipa kwa sababu mlikubaliana italipa maji yakifurika, kisha inachukua nafasi yako na kumdai jirani ikiona alikosea. Wewe huhitaji kushinda ubishi wowote kwanza. Ndiyo faida ya kuanza na yako.

Bima ya jirani inaingia kupitia sehemu nyingine kabisa: dhima ya mkaaji kwa watu wengine. Kifurushi cha kawaida cha bima ya nyumba hapa Kenya huwa na sehemu ya jengo, ya vitu, ya vitu vinavyobebwa nje, ya wafanyakazi wa nyumbani, ya dhima ya mwenye nyumba na ya dhima ya mkaaji. Mtu anaweza kuwa na vitu vyake vimekatiwa bima na asiwe na dhima. Sehemu hiyo hulipa tu kama yeye anawajibika kisheria, yaani uzembe uonekane. Mfereji ulioachwa wazi siku ya mgao, huku sinki limezibwa, ni uzembe ulio wazi kwa mtu yeyote anayeishi Nairobi. Fleksi mpya iliyopasuka usiku bila dalili si uzembe wa mtu. Fleksi iliyokuwa ikivuja, msimamizi akamwonya mara mbili kwa ujumbe naye akatega ndoo chini yake, huo ni uzembe, na ujumbe wa msimamizi ndio ushahidi.

Huna mkataba na kampuni ya jirani, kwa hiyo huwezi kuidai moja kwa moja. Unamwandikia jirani barua ya madai, yeye anaipeleka kwa kampuni yake, nayo inajibu kupitia kwake au mawakili wake. Ukiwapigia simu wakakwambia “hatukujui”, hawakukosea adabu.

Tano: peleka dai lako

Arifu siku hiyohiyo kwa barua pepe, hata kama umempigia agenti simu. Agenti husahau, na hati yako ina sharti la muda wa kuarifu, wakati mwingine siku chache tu. Andika namba ya hati, tarehe na saa, maji yametoka wapi kwa kadiri ulivyoona, na vilivyoharibika kwa ujumla. Usitaje jumla ya fedha katika barua hii ya kwanza. Ukisema 80,000 leo kisha runinga ikafa kesho kutwa kwa unyevu, utaonekana umeongeza.

Kisha tengeneza jedwali la vitu: kitu, kampuni iliyokitengeneza na namba ya mfululizo, ulikinunua lini, kwa bei gani, ushahidi wa ununuzi, na hali yake sasa. Risiti zikikosekana, taarifa ya M-Pesa ya siku uliyonunua hufanya kazi nzuri sana. Hata picha ya siku ya kuzaliwa ya mtoto yenye runinga nyuma inathibitisha ilikuwepo. Kwa vifaa vya umeme pata barua ya fundi inayosema kimekufa kwa maji na hakitengenezeki, au kitatengenezwa kwa bei gani.

Usitupe kitu kabla asesa hajakiona. Godoro lililolowa huanza kunuka siku ya tatu na familia inataka litoke. Lipige picha pande zote na lebo yake, andika barua pepe ukiomba ruhusa ya kulitupa, kata kipande cha kitambaa chenye lebo ukihifadhi. Kwenye ukuta, chora kwa penseli ukingo wa doa na uandike tarehe kando yake. Kila siku mbili chora tena. Asesa akifika wiki ya pili anaona mwenyewe doa lilivyotanuka au lilivyotulia, na hawezi kusema ni la mwaka jana.

Asesa huyo hulipwa na kampuni. Si adui yako, lakini hatafuti cha kukuongezea. Atauliza maswali mawili yanayowapoteza watu. La kwanza: “Umewahi kuona unyevu hapa kabla?” Jibu kweli. Kama kulikuwa na doa dogo pembeni ambalo halihusiani, lionyeshe wewe kwanza, umwambie lilikuwa upande ule na maji haya yametoka upande huu. Akiligundua yeye, dai zima hugeuka la kupenya kidogo kidogo. La pili: “Vitu vyote vya nyumba hii vina thamani gani?” Hapo anapima kama ulikata bima ya kutosha.

Turudi South B. Mpangaji wetu alikata bima ya vitu ya shilingi 600,000. Asesa akatembea vyumba vyote akakadiria vitu, kwa hali vilivyokuwa, kuwa vya 800,000. Vilivyoharibika, kwa bei ya kununua vipya, vilikuwa runinga 38,000, kompyuta ya mkononi 55,000, godoro 15,000, zulia 12,000, kabati la mbao za kubandika 28,000, na kusafisha sofa 12,000. Jumla 160,000.

Hati yake haikuwa ya kulipa vipya kwa vikuukuu, kwa hiyo asesa alitoa 40,000 kwa uchakavu, zikabaki 120,000. Kisha ikaja ile wanayoiita avareji. Kwa kuwa alikatia bima robo tatu tu ya thamani, analipwa robo tatu ya hasara: 90,000. Mwisho ikatolewa ekses, kiasi ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe, ambacho kwenye hati yake kilikuwa 5,000. Mkononi: 85,000.

Watu hukasirika hapa wakadhani wameibiwa. Hawajaibiwa, ila avareji inauma kwa sababu mtu alikuwa anaokoa ada kidogo kila mwaka. Kinachobishaniwa kwa haki ni yale makadirio ya 800,000. Kama unaona asesa amezidisha thamani ya vitu vyako vingine, mwombe jedwali lake, kisha jibu kwa bei za dukani, kitu kwa kitu. Kila 50,000 unayoipunguza pale juu inakurudishia maelfu kadhaa.

Sita: pengo, na yule wa juu

Hasara ya mpangaji wetu kisheria ni 120,000, naye amepata 85,000. Zile 35,000 zilizobaki, yaani 30,000 za avareji na 5,000 za ekses, anaweza kumdai jirani kwa uzembe wake. Kampuni yake nayo itamdai jirani zile 85,000. Mwenye nyumba wa chini ana dari lake, na kampuni yake itakuja kwa njia hiyohiyo. Ikiwa jirani ana sehemu ya dhima, kampuni yake ndiyo itakayoyabeba yote haya, hadi kikomo cha hati. Kama hana, yanamwangukia yeye, na hapo utaona kwa nini nilisema umhimize aarifu siku ya kwanza. Akichelewa akakataliwa, wote mnaumia.

Iarifu kampuni yako kwamba unadai zile 35,000 mwenyewe, ili madai yasigongane. Mara nyingi mawakili wao hukubali kuziunganisha kwenye barua moja. Na kabla ya kusaini hati ya kumaliza dai, isome: iseme unapokea 85,000 kwa dai lako chini ya bima yako, isiseme umemwachilia mtu mwingine yeyote. Nimeona hati za namna hiyo zikiwa na sentensi moja ya ziada katikati, na mtu akasaini kwa kuwa cheki ilikuwa mezani.

Kampuni yako ikikukatalia, omba sababu kwa maandishi na namba ya kifungu cha hati wanachokitegemea. Ukishaipata, na kama huridhiki, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, pamoja na barua hiyo. Wanaokwenda na “wamenizungusha” bila karatasi hurudi walivyokwenda.

Kwa wasio na bima kabisa, na ndio wengi, njia ni jirani au mwenye nyumba yake moja kwa moja. Barua ya madai, siku 14 za kujibu, kisha Mahakama ya Madai Madogo. Kikomo chake ni shilingi milioni moja, inasikiliza madai ya mali iliyoharibiwa kwa uzembe, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Unaweza kujieleza kwa Kiswahili. Una miaka mitatu tangu siku ya tukio kufungua dai la uzembe, lakini msimamizi wa jumba hubadilishwa, fundi hubadilisha namba ya simu, na mpangaji wa juu huhama. Kabla ya kufungua, hakikisha unamshtaki anayestahili: mfereji ulioachwa wazi ni wa aliyeuacha, zuio la maji lililochoka chini ya vigae ni la mwenye nyumba ya juu, na bomba kubwa la jumba ni la shirika au la mwenye jumba. Ukiwa huna uhakika kati ya wawili, washtaki wote wawili, na ile ripoti ya fundi ya mistari mitano iwatenganishe.